Tope la suruali: likauke kwanza, ndipo maji

*Shikamoo. Mume wangu ananunua machungwa mashambani Muheza. Msimu wa mvua anarudi na suruali zake za kaki zimejaa tope jekundu, magotini na kwenye pindo. Mimi huziloweka palepale tope likiwa bichi, nasugua kwa sabuni ya mche, lakini wekundu haushi. Mama mkwe ananiambia niache likauke kwanza. Ni kweli? Na likishakauka naanza na nini? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako yuko sahihi. Kuna tope moja tu hapo Tanga ambalo ushauri wake haulifai, nalo nitalifikia mbele.

Tope la Muheza ni mchanganyiko. Ukilifikicha kwa vidole utahisi mchanga, utahisi vumbi laini, halafu kuna ute unaoteleza ambao ndio mfinyanzi. Mchanga haukusumbui, maana punje zake ni kubwa na hudondoka zenyewe. Shida yote iko kwenye mfinyanzi. Chembe yake moja haizidi milimita 0.002, wakati unyuzi mmoja wa pamba una unene wa kama milimita 0.01 hadi 0.02. Uzi uliofumiwa suruali ni nyuzinyuzi nyingi za namna hiyo zilizosokotwa pamoja, na katikati yake mna vijinafasi. Chembe ya mfinyanzi hupenya humo bila taabu, mradi iwe na cha kuibeba. Kinachoibeba ni maji.

Sasa angalia kinachotokea tope likiwa bichi. Sehemu kubwa ya tope hilo bado iko juu ya kitambaa, haijaingia ndani. Ukiitia majini, unaizimua: kile kilichokuwa uji mzito kinakuwa maji mekundu, na pamba hunywa maji hayo kwa kasi, pamoja na chembe zilizomo. Ukisugua, unaongeza mambo mawili mabaya. Kwanza unasukuma chembe ndani ya uzi kwa nguvu ya mkono. Pili unalitandaza doa, hivyo tope lililokuwa upana wa kiganja linakuwa upana wa paja. Baadaye unahangaika na doa ambalo sehemu yake kubwa umelitengeneza mwenyewe pale kwenye beseni.

Tope likikauka, maji yaliyokuwa yakilibeba yameondoka. Mfinyanzi nao una tabia ya kusinyaa unapokauka. Umeona ukuta wa nyumba ya kukandika udongo ukianza kupasuka na kubanduka kwenye fito; ndivyo gamba la tope linavyojitenga na suruali. Kitambaa hakisinyai kiasi kile, kwa hiyo gamba linapasuka na kuachia sehemu nyingi. Isitoshe, kitambaa kinakunjika na gamba kavu halikunjiki. Ukikikunja, gamba linavunjika vipande na kuanguka, likienda na mchanga, vumbi na mfinyanzi mwingi ambao haukupata nafasi ya kuingia ndani ya uzi.

Hapa lazima tuelewane. Kukausha hakuondoi chembe zilizokwisha kupenya. Kunachofanya ni kupunguza mzigo kabla maji hayajagusa nguo, ili sabuni ishughulike na kidogo kilichobaki. Ndiyo maana suruali mbili zilizopata tope lilelile zinaweza kutoa majibu tofauti. Na hata suruali moja: kwenye pindo tope lilirushwa na tairi au kiatu, likatua juu juu, kwa hiyo likikauka hutoka karibu lote. Magotini alipiga magoti, uzito wa mwili ukalikandamiza tope ndani ya kitambaa. Hapo usitegemee brashi peke yake. Utabaki na kivuli chekundu ambacho kina hatua yake.

Tuifuate suruali moja ya kaki ya pamba tangu inavuliwa.

Akishaivua, usiikunje wala kuitupa kwenye kapu la nguo chafu. Ukiikunja, tope bichi la goti linahamia mahali palipokuwa safi. Kama kuna donge nene, linyanyue kwa mgongo wa kisu au ukingo wa kijiko, ukianzia pembeni na kuvuta kuelekea katikati ya doa, bila kukandamiza. Lengo ni kupunguza unene tu ili likauke upesi. Ukiona kijiko kinapaka badala ya kunyanyua, acha hapohapo. Usilifute kwa kitambaa chenye maji. Hilo ndilo kosa linalofanywa zaidi, hasa mtu akiwa njiani, na ndilo linaloacha duara pana lisilokuwapo mwanzo.

Kisha ianike upande wenye tope ukiwa juu au nje, ikiwa imenyooka, mahali penye upepo. Kwa hali ya hewa ya Tanga, upepo ndio wa kutegemea kuliko jua, maana hewa ya pwani ina unyevu mwingi na wakati wa masika siku nzima inaweza kupita bila jua la maana. Tope jembamba likipata jua na upepo hukauka kwa saa mbili tatu. Lile nene la magotini linaweza kutaka usiku kucha, chini ya baraza au karibu na feni. Usiharakishe kwa pasi wala kwa jiko la mkaa. Joto kali hukausha uso wa gamba na kuacha ndani pabichi, na kama kwenye tope mna maji ya majani, jasho au kinyesi cha mifugo, joto hilo huyafanya yashike kwenye pamba. Pia usiisahau ikiwa imelundikwa na unyevu kwa siku kadhaa. Itaota kawa, na vile vidoa vyeusi vya kawa ni vigumu kuliko tope lenyewe.

Utajuaje kwamba limekauka kweli? Rangi yake imepauka na kulingana kote, bila sehemu ya katikati iliyo nyeusi zaidi. Ukilibonyeza kwa ukucha halibonyei, linakatika. Ukiweka mgongo wa kiganja upande wa ndani wa kitambaa, huhisi ubaridi. Hilo la mwisho ndilo la kuaminika zaidi, kwa sababu gamba linaweza kuonekana kavu kwa juu huku kitambaa chini yake kikiwa bado na maji. Ukiwahi kupiga brashi katika hali hiyo, vumbi lililolegea linakutana na unyevu wa chini na kurudi kuwa tope, safari hii likiwa limesagwa laini zaidi.

Likishakauka, toka nje na usimame upepo ukiwa mgongoni. Shika kitambaa pande mbili za doa ukikunje na kukikunjua mara kadhaa, mpaka gamba lipasuke. Halafu igeuze suruali ndani nje, uikung'ute na kuipiga upande huo wa ndani kwa kiganja, ili vumbi litoke kwa kule lilikoingilia. Ukipiga upande wa tope, unalirudisha ndani. Irudishe kama ilivyokuwa, kisha chukua brashi ya nguo isiyo ngumu mno, ipitishe kwa wepesi kuelekea upande mmoja, kufuata uzi wa kitambaa. Usizungushe brashi na usiikandamize. Kunjua pindo na pindua mifuko, maana kwenye mishono ndiko mchanga hujificha na kukwaruza kitambaa wakati wa kufua. Brashi yenyewe uikung'ute kila baada ya mipigo michache. Brashi iliyojaa vumbi jekundu inapaka tu.

Endelea mpaka brashi haitoi vumbi tena. Hapo pindo la suruali yetu litakuwa limebaki na weupe wa vumbi, na magotini patakuwa na wekundu hafifu usiopungua hata ukiendelea kupiga brashi. Acha. Kilichobaki kiko ndani ya uzi, na sasa ndiyo zamu ya maji.

Maji ya kwanza yawe ya baridi, yanayotiririka, na yaingie kwa nyuma. Igeuze suruali tena, shika sehemu ya goti iliyonyooka chini ya bomba, au mtu akumiminie kwa kopo, ili maji yapite kutoka ndani kwenda nje. Chembe zilizoingia kwa upande wa nje zinasukumwa zirudi zilikotoka. Usisugue bado. Maji yatatoka mekundu, wekundu utapungua, yatakuwa meupe. Yakishakuwa meupe ndipo uende kwenye sabuni. Watu wengi huruka hatua hii wakaenda moja kwa moja kwenye beseni, na ndani ya dakika tano suruali nzima inaogelea katika maji ya rangi ya matofali.

Kwa doa la goti tengeneza uji wa sabuni: kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga na maji kidogo tu ya kuilainisha. Upake juu ya doa likiwa na majimaji, uache dakika 15, usiuache ukauke. Kisha fikicha kitambaa kwa kitambaa taratibu au tumia mswaki wa zamani, halafu suuza tena kwa nyuma. Baada ya hapo loweka suruali kwenye ndoo yenye lita 10 za maji ya baridi au vuguvugu pamoja na vijiko vitatu au vinne vya sabuni ya unga. Nusu saa inatosha, saa moja ndiyo mwisho. Ukiiacha usiku kucha, chembe zilizotoka zinatulia na kurudi kwenye nguo, na rangi ya kaki nayo huanza kuchujuka.

Nimesema sabuni ya unga makusudi. Sabuni ya mche ni nzuri kwa mafuta na jasho, lakini kwa mfinyanzi ina udhaifu unaojitokeza sana pwani. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hugeuka utando wa kijivu usioyeyuka, ambao unashika chembe za mfinyanzi na kuzigandisha kwenye kitambaa. Ukiona povu halipandi na pembeni ya beseni kunabaki utando unaonata, ndilo hilo. Sabuni nyingi za unga zina viungo vya kuyashughulikia maji ya namna hiyo. Zaidi ya hapo, sabuni inazizunguka chembe za udongo na kuzifanya zisukumane zenyewe kwa zenyewe na kusukumana na pamba, zibaki zikielea majini. Kama maji yako ni ya kisima na povu ni gumu kupanda, ongeza kijiko kimoja cha sabuni ya unga, au tumia maji ya mvua uliyokinga kwenye bati. Kwa kufua hakuna maji mazuri kuliko hayo.

Baada ya kufua, kuna jambo dogo linaloharibu kazi yote. Usimwage maji machafu huku suruali ikiwa ndani ya ndoo. Udongo umetulia chini, na ukiinamisha ndoo maji yanachujwa na nguo yako. Inyanyue suruali kwanza, ikamue, ndipo umwage, uisuuze ndoo na kuweka maji mapya. Suuza hivyo mara tatu, au mpaka maji yakikaa dakika moja usione vumbi jekundu limetua chini ya ndoo.

Kabla hujaianika, itazame goti lake kwenye mwanga ikiwa bado imelowa. Ukiona wekundu, rudia uji wa sabuni mara moja zaidi. Usiipige pasi na doa lake.

Ukirudia na bado upo wekundu hafifu, sasa si udongo wa kawaida unaopambana nao bali ni oksidi ya chuma, jamii ileile ya kutu. Ndiyo inayoupa udongo wa Muheza na milima ya Usambara rangi yake. Sabuni haiyeyushi chuma. Watu hapo hukimbilia jiki, na hilo ni kosa: jiki hung'arisha rangi za mimea na vyakula, lakini kwa kutu haina msaada, na mara nyingi hulifanya doa likolee huku kaki inayolizunguka ikipauka. Kinachofanya kazi ni asidi. Kamua ndimu moja, uijaribu kwanza kwenye mshono wa ndani kwa dakika 10 uone kama rangi ya suruali inastahimili. Ikistahimili, paka maji ya ndimu kwenye doa tu, kivulini, uache dakika 10 hadi 15, kisha suuza kwa maji mengi. Unaweza kurudia mara mbili. Usiianike juani ikiwa na ndimu, itaacha baka jeupe. Na kamwe usichanganye ndimu na jiki, wala usitumie kimoja kabla hujasuuza kabisa kingine, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na kifua.

Kwa suruali uliyokwisha kuiloweka na tope bichi, kuikausha upya ili uipige brashi hakusaidii. Tope lililokuwa juu limekwisha kuyeyuka, na lililobaki liko ndani ya uzi. Endelea na maji yanayotiririka kwa nyuma, uji wa sabuni, na mwisho ndimu.

Kitambaa nacho kina neno lake. Jinzi na kaki nzito huvumilia kila nilichotaja. Suruali ya poliesta hainywi maji kama pamba, kwa hiyo tope kavu hubanduka kwa urahisi zaidi, mara nyingi brashi inamaliza kazi. Suruali ya suti ya sufu ikaushe na uipige brashi laini tu, kisha mpelekee dobi. Usiifikiche ikiwa na maji, itasinyaa.

Tope nililosema halifuati ushauri wa mama mkwe ni lile jeusi la mikokoni, analorudi nalo mtu aliyeshuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Lina chumvi ya bahari, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kwa hewa ya Tanga litakaa siku nzima likinata bila kupata lile gamba linalovunjika. Weusi wake pia kwa sehemu ni chuma kilichoungana na salfa mahali pasipo na hewa. Ndiyo asili ya ile harufu ya yai viza. Likikaa kwenye hewa, chuma hicho hugeuka kutu, na doa lililokuwa jeusi linakuwa la kahawia. Hilo lisuuze mapema, kwa nyuma, kwa maji baridi mengi yanayotiririka na bila kusugua, mpaka harufu ipungue, kisha uende kwenye uji wa sabuni.

Tope la barabarani au la karibu na gereji, lenye oili, bado likauke na lipigwe brashi kwanza. Tofauti ni kwamba kabla ya maji unapaka matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye doa kavu, unaacha dakika 10, ndipo unasuuza. Ukitanguliza maji, oili huyasukuma kando na sabuni haifiki ilipo.